Wiki ya Mbio: Safari Yetu ya Dodoma na Yaliyomo Katika Orodha

Mtu aliyejiandaa kwa miezi minne kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21.1, hawezi kujiongezea nguvu yoyote ya maana katika siku saba za mwisho. Zoezi gumu la leo huhitaji siku kumi au zaidi mpaka mwili ulijibu kwa nguvu mpya, hivyo anayekimbia sana siku ya Jumatano kwa ajili ya mbio za Jumapili huambulia uchovu mtupu. Lakini kupoteza, anaweza kupoteza mengi sana ndani ya wiki hiyo: ngozi ya kisigino, usingizi, utulivu wa tumbo, hata nafasi yake kwenye mstari wa kuanzia. Ndiyo maana sisi katika nyumba yetu huandika orodha ya wiki ya mbio, na kazi ya orodha hiyo ni kulinda kilichokwisha kupatikana.

Tutaeleza orodha ya safari moja, kwa kuwa mambo haya hueleweka vizuri yakiwa na mahali na saa zake. Tunaishi Dar es Salaam, na mbio zilikuwa Dodoma, Jumapili ya mwisho wa Julai, zikianza saa 12:00 asubuhi. Tulikwenda watatu: baba, mama na binti yetu. Mama, mwenye umri wa miaka 47, alikuwa hajawahi kukimbia umbali huo katika mashindano, na ada, nauli na chumba vilitoka katika akiba ya nyumba, fedha ambazo zingeweza kwenda kwenye jambo jingine. Aidha tulikuwa na mfano karibu yetu. Kijana mmoja wa mtaani, aliyejiandaa vizuri kuliko sisi sote, mwaka uliotangulia aliishia kilomita ya 13 akiwa na soksi zilizolowa damu, kwa sababu ya raba alizonunua siku mbili kabla. Mazoezi ya miezi mitano yaliharibiwa na ununuzi wa nusu saa.

Vifaa: kutoka kichwani hadi unyayoni

Jumatatu jioni tulitandika mkeka sebuleni, kila mmoja akapanga vitu vyake kwa kufuata mwili, kuanzia kichwani kushuka hadi miguuni. Mpangilio huu ni bora kuliko karatasi, kwa sababu jicho huona pengo mara moja. Kanuni ilikuwa moja: kitu ambacho hakijakimbia nasi angalau mara mbili, na mara moja kati ya hizo kwa zaidi ya kilomita 12, hakiingii kwenye begi. Kilomita tano hazitoshi kukijaribu kitu, kwani michubuko mara nyingi haijitokezi mapema.

Kwa wanawake wanaokimbia wakiwa wamejisitiri, jaribio hili lina uzito zaidi, kwa maana nguo ni nyingi na mishono ni mingi. Mama na binti walijaribu hijabu tatu kwa muda wa miezi miwili. Ya pamba ilinyonya jasho ikawa nzito na kuvuta shingo. Ya kuteleza ilitaka pini nne, na pini moja ilifunguka njiani. Iliyobaki ni ile ya kitambaa chepesi cha jezi, iliyoshonwa tayari, ya kuvaa bila pini. Sehemu zilizochubuka ni chini ya kidevu, makwapani, na sehemu za ndani za mapaja chini ya suruali pana. Hapo hupakwa mafuta ya mgando kwa wingi kabla ya kuvaa, si baada ya maumivu kuanza. Baba naye hubandika plasta mbili kifuani, kwa kuwa fulana iliyolowa husugua chuchu mpaka zikatoa damu.

Fulana ya mashindano inayotolewa pamoja na namba huwa ya mikono mifupi. Sisi huiacha iwe kumbukumbu, kwa sababu ni kitu kipya. Anayetaka kuivaa aivae juu ya nguo yake ya mikono mirefu, na aikague kwanza mishono yake. Namba ya kifuani hubanwa kwa pini nne, moja kila pembe, juu ya vazi la nje kabisa. Mara nyingi chipu inayopima muda imebandikwa nyuma ya namba hiyo. Ukiifunika kwa shungi refu au ukiikunja, huenda isisomwe, na jina lako likakosekana katika matokeo.

Raba zilikuwa zimekwisha kukimbia zaidi ya kilomita 50. Kucha za miguu tulizikata Jumatano. Wengi wetu tumezoea kukata kucha Ijumaa, lakini ukijikata vibaya Ijumaa, kidonda kitakuwa bado kibichi Jumapili, ilhali cha Jumatano huwa kimekwisha kufunga. Kitu cha mwisho juu ya mkeka kilikuwa sweta kuukuu kwa kila mtu. Asubuhi za Julai Dodoma ni za baridi na upepo mkavu, na mkazi wa pwani anayesimama nusu saa mstarini akitetemeka huanza mbio akiwa na misuli iliyokaza.

Chakula: sahani ibadilike, isiongezeke

Kosa tunaloliona kwa wengi ni kula mlima wa wali usiku wa kuamkia mbio. Tumbo halimalizi kazi hiyo mpaka alfajiri, na aliyeshiba hivyo huamka mzito. Akiba ya nguvu katika misuli hujazwa kidogo kidogo, kuanzia siku mbili au tatu kabla. Hivyo kuanzia Alhamisi jioni tulibadilisha sahani bila kuiongeza sana: wali, viazi, chapati zisizo na mafuta mengi au ndizi za kupika vilichukua nafasi kubwa, na nyama na mboga zikachukua nafasi ndogo. Kuanzia Jumamosi mchana tuliacha maharage, kunde, matembele, pilipili na vyakula vya kukaanga. Si kwamba ni vibaya. Huacha mabaki mengi tumboni, na mabaki hayo hudai haki yake kwenye kilomita ya nane, mahali pasipo na choo.

Hapa ipo hesabu inayowahusu wanaofunga Sunna ya Jumatatu na Alhamisi. Jumatatu tulifunga kama kawaida, kwa kuwa siku sita zilitosha kurudisha maji na chakula mwilini. Alhamisi hatukufunga, maana ndiyo siku ambayo kazi ya kujaza akiba huanza. Mwenye deni la Ramadhani naye ni vyema apange kulilipa kabla au baada ya wiki hiyo.

Jumamosi tulikula mlo mkubwa saa 7 mchana, na jioni mlo wa kawaida: wali, samaki wa kuchemsha na karoti. Asubuhi ya mbio, saa 10:00, kila mmoja alikula vipande viwili vya mkate wenye asali na ndizi mbivu moja, pamoja na kikombe cha chai. Chakula hicho kilipata saa mbili za kutulia. Anayeweza kula saa tatu kabla na ale zaidi kidogo, lakini sisi tuliona ni afadhali kulala saa nzima ya ziada.

Njiani, badala ya vile vifuko vya sukari nzito vinavyouzwa ghali madukani, tulitumia tende. Tende ndogo kavu ina sukari ya gramu 5 au 6 hivi, basi tende tano kwa saa hutoa takriban gramu 30, kiasi kinachotosha kwa mtu wa mwendo wetu. Tulizitoa kokwa nyumbani, tukazikata nusu na kuzifunga katika mfuko mdogo wa plastiki. Mama alikula nusu tende kila dakika sita hivi, kuanzia dakika ya 40, kila mara kwa funda la maji. Tende kavu bila maji hukwama kooni na huvuta maji tumboni. Hili nalo lilijaribiwa kwanza mazoezini, kwani wapo ambao tende huwaendesha.

Kuhusu maji, tulijipima badala ya kukisia. Katika mazoezi ya kilomita 16, yaliyochukua karibu saa mbili, mama alikuwa na kilo 62.0 kabla na 61.2 baada, naye alikuwa amekunywa nusu lita. Alipoteza basi lita 1.3 kwa saa mbili katika joto la Dar es Salaam. Si lazima kuirudisha yote palepale. Kupungua kilo moja kwa mtu wa uzito wake hakuna madhara. Dodoma asubuhi ni baridi, jasho ni pungufu, kwa hiyo mafunda machache katika kila kituo cha maji, kwa kufuata kiu, yalitosha. Hatari ya kunywa kupita kiasi ni ya kweli: chumvi ya damu huzimuliwa, na dalili zake ni kichwa kuuma, kichefuchefu, vidole kuvimba na pete kubana, hatimaye kuchanganyikiwa. Mtu anayemaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi, na akiwa na dalili hizo apelekwe kwa waganga wa mashindano, wala asipewe maji zaidi.

Usingizi: usiku ulio muhimu si ule unaodhaniwa

Usiku wa kuamkia mbio wengi hawalali vizuri. Moyo una shughuli, kitanda ni kigeni, na saa ya kuamka iko mapema. Jambo la kutuliza ni kwamba usiku mmoja mbovu hauvunji miguu, iwapo zilizotangulia zilikuwa nzuri. Kwa sababu hiyo tuliuhesabu usiku wa Alhamisi na ule wa Ijumaa kuwa ndio mtaji.

Tulijua kwamba Jumapili tungeamka saa 9:30 usiku. Anayezoea kulala saa 5 hawezi kujilazimisha kulala saa 3 kwa siku moja. Atalala macho yakiwa dari. Kuanzia Jumatatu, basi, kila usiku tulitangulia kulala kwa dakika 20 na kuamka mapema kwa kiasi hichohicho. Kufika Ijumaa tulikuwa tumesogea zaidi ya saa moja na nusu bila kusukumana. Simu zilibaki sebuleni. Bibi yao, aliyekuja kukaa na wadogo nyumbani, aliona taa zimezimwa mapema akauliza, "Wanangu, kuna msiba?" Binti akamjibu, "Hapana, Bibi, tunaweka akiba ya usingizi." Tangu hapo Bibi mwenyewe ndiye aliyekuwa akizima taa.

Jumamosi tulilala kidogo mchana, dakika 40 tu, baada ya chakula. Jioni, kwa kuwa tulikuwa wasafiri, tulichukua ruhusa ya kukusanya: jua lilipozama, kama saa 12:40, tuliswali Magharibi rakaa tatu kisha Isha rakaa mbili kwa kupunguza. Saa 2:30 tulikuwa kitandani, bila kuisubiri Isha. Ruhusa hii ina masharti yake ya umbali na ya siku za kukaa, na msomaji ambaye safari yake ni tofauti amuulize imamu wake kabla ya kuondoka.

Safari: kufika mapema, kukaa karibu

Tuliondoka Ijumaa baada ya Swala ya Ijumaa, kwa treni ya reli ya kisasa. Huduma kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilianza mwaka 2024, na safari huchukua kama saa nne au pungufu, ambapo basi huchukua kama mara mbili ya muda huo. Kwa mkimbiaji, tofauti hiyo ni ya miguu zaidi kuliko ya muda: kwenye treni unaweza kusimama na kutembea kila saa, damu ikashuka na kupanda. Tiketi tulikata wiki kadhaa kabla, kwa kuwa mwisho wa wiki wa mashindano viti hujaa. Ndani ya behewa kuna kiyoyozi kikali, hivyo sweta zilianza kazi mapema.

Mizigo ilikuwa ya aina mbili. Begi la nguo za kawaida lilikwenda mahali pa mizigo. Kibegi cha mbio, chenye vitu vyote vya mkekani, hakikutoka mapajani mwetu. Begi la nguo likipotea, mtu huazima kanzu. Raba zilizokwisha kuzoea mguu haziazimwi.

Stesheni ya Dodoma haiko katikati ya mji, kwa hiyo tulikuwa tumekwisha kupanga gari la kutupokea. Chumba tulikichagua kwa kupiga simu na kuuliza maswali matatu: maji hutoka bombani saa 10 alfajiri? Kuna jiko au birika la umeme tunaloweza kutumia saa hiyo? Kuna ukumbi wa muziki jirani? Gesti ya kwanza, nzuri na ya bei nafuu, ilishindwa swali la tatu. Ya pili ilikuwa kilomita moja na nusu kutoka mahali pa kuanzia, umbali wa kutembea dakika 20. Ukaribu huo una thamani, kwani asubuhi ya mbio barabara hufungwa na bodaboda hazifiki karibu. Jumamosi asubuhi tulichukua namba zetu, tukakimbia polepole dakika 15 kulegeza miguu, tukaitembea njia kutoka gesti hadi uwanjani huku tukihesabu dakika.

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Si mwinuko wa kuogofya, lakini mtu wa pwani huhisi pumzi ikipanda mapema. Mama alilenga saa 2 na nusu. Mpango wake ukawa kukimbia kilomita tatu za mwanzo kwa dakika 7 na nusu kila moja, kisha zilizobaki kwa dakika 7. Ukijumlisha, unapata saa 2 na dakika 29. Aliyetoka Dar es Salaam akaanza kwa kasi ya nyumbani hulipa deni hilo baada ya nusu ya njia, na riba yake ni kubwa.

Dakika 24 za alfajiri

Jambo moja katika orodha halikuwa na nafasi ya kujadiliwa. Mwishoni mwa Julai, Alfajiri ya Dodoma huingia kama saa 11:36, takriban robo saa baada ya Dar es Salaam, kwa kuwa Dodoma iko magharibi zaidi. Anayetumia ratiba ya swala ya nyumbani ataswali kabla ya wakati. Jua huchomoza kama saa 12:49. Mbio zilianza saa 12:00. Tulikuwa, basi, na dakika 24 kati ya kuingia kwa wakati na kuanza kwa mbio, na ndani yake zilipaswa kukaa swala, kuvua sweta na kufika mstarini.

Choo kilimalizwa gesti, kwa sababu foleni za uwanjani ni ndefu, na udhu ulichukuliwa hukohuko. Tulibeba chupa ya maji ya nusu lita kwa atakayehitaji kuurudia, na kanga mbili za kutandika. Kibla kwa Dodoma ni karibu kaskazini kabisa, kikielemea kidogo mashariki. Tulikitambua Jumamosi mchana kwa kuangalia ukuta wa msikiti ulio jirani. Saa 11:38 baba alikimu pembeni mwa uwanja, na kabla hatujatoa salamu wakimbiaji wengine saba walikuwa wamejiunga nyuma yetu. Saa 11:48 tulikuwa tukitembea kuelekea mstarini.

Yapo mashindano yanayoanza saa 11:30, kabla ya wakati kuingia. Hapo hakuna swala ya mapema. Iliyopo ni kusimama njiani. Kwa mwendo wa mama, saa 12:00 angekuwa kilomita ya nne, muda ukingalipo, na misuli haijachoka kiasi cha kukaza kwa kusimama. Kusimama huko hugharimu dakika tano. Ziandikwe katika hesabu tangu nyumbani, ili zisionekane kuwa hasara.

Mama alimaliza kwa saa 2 na dakika 31. Hakuwa na mchubuko wowote isipokuwa alama ndogo chini ya kidevu, na mfukoni zilibaki tende mbili. Treni ya kurudi tulikuwa tumeikata ya jioni, ili tupate kuoga, kula na kutembea kidogo kabla ya kukaa kwa muda mrefu. Ndani ya treni binti alitoa karatasi ya orodha na kuongeza mistari miwili kwa ajili ya safari ijayo: kofia ya sufi kwa baba, ambaye masikio yake yaliumwa na baridi, na mafuta ya midomo kwa wote, kwani upepo wa Dodoma ulitupasua midomo sote watatu.